Wanakadiria Geti, Hawakadirii Nyumba

Januari moja, si ya zamani sana, mtoza kodi alisimama mbele ya parseli yetu akaangalia geti. Hakuomba kuingia. Hakuuliza vyumba ni vingapi, nani analala ndani, wala kama kuna mpangaji. Aliangalia geti, ambalo lilikuwa jipya kwa sababu la kwanza lilikuwa limeliwa na kutu, akaandika kitu kwenye daftari, kisha akataja kiasi. Nilipomuuliza amekipata wapi akanijibu kwa upole, kama anayemweleza mtoto: «Mzee, geti kama hili ni la mtu mwenye kitu.» Tukajadiliana. Baada ya robo saa kiasi kilikuwa kimeshuka nusu, na nyumba ilikuwa palepale, ukuta uleule, bati lilelile. Sitamtaja yeye wala ofisi yake. Nasema tu kwamba bei ya mikeke pale sokoni ndiyo hushuka hivyo jua likizama. Kodi ya serikali haina ruhusa ya kushuka hivyo.

Lakini hasira yangu haiishii kwa yule kijana mwenye daftari. Yeye ametumwa kukadiria mali kwa sheria isiyokadiria chochote, na mtu aliyepewa mizani isiyo na mawe atapima kwa mkono.

Sheria ninayoisema ni ordonansi-sheria namba 69-006 ya tarehe 10 Februari 1969. Imerekebishwa mara kadhaa tangu wakati wa Mobutu, lakini mifupa yake ni ileile. Inatazama ukubwa. Villa hupimwa kwa mita za mraba. Majengo mengine hulipa kiasi kilichopangwa, kwa kuhesabu ghorofa. Kiwanja kitupu nacho kina kiasi chake. Miji na vijiji vimegawanywa katika madaraja manne, na daraja la mahali ndilo linaloamua kama utalipa zaidi au pungufu. Basi. Hakuna mahali sheria hii inapouliza swali ambalo kila mama anayepanga chumba Uvira huuliza kwanza: pale mahali panalipa kiasi gani?

Tangu Katiba ya 2006 kodi hii ni ya jimbo na ya serikali za chini, iko wazi katika kifungu cha 204, pamoja na kodi ya pango na kodi ya magari. Kwa hiyo hatuwezi tena kunyoosha kidole Kinshasa kila tunapoumia. Fedha hii ni ya kwetu, imekusudiwa mitaro yetu na madaraja yetu. Na bado tunaitoza kwa jicho la 1969, kana kwamba Uvira ni karatasi tambarare ambayo kila mita yake ni sawa na mwenzake.

Uvira! Mji uliobanwa kati ya milima ya Mitumba na ziwa, mwembamba kama mtumbwi, ambapo ukitembea dakika kumi kutoka barabarani kwenda juu thamani ya ardhi inaporomoka mara kumi, na ukitembea dakika kumi kwenda chini unaloa miguu. Kama kuna mji hapa duniani ambao haukustahili kodi ya mita za mraba, ni huu.

Anza na wale walioloa miguu. Ziwa Tanganyika lilipanda 2020 na 2021, likarudi kupanda tena 2024. Wenye nyumba za ufukweni wanajua habari hiyo kuliko mtaalamu yeyote: maji yaliingia uani, yakafika kizingitini, yakapita dirishani. Kuna majumba yaliyojengwa kwa akiba ya miaka ishirini ya biashara ambayo leo yanatazamwa kutoka kwenye mtumbwi. Na usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mto Mulongwe uliacha njia yake ukabomoa nyumba kwa maelfu na kuua watu. Sasa chukua sheria yako ya mita za mraba uipeleke pale. Mita ziko palepale. Hakuna mita iliyopotea. Villa ya mita mia mbili iliyozama ni villa ya mita mia mbili. Kwenye daftari haijaloa. Mwenyewe akitaka ahueni ataiombaje, kwa maneno gani, ikiwa fomu haina safu ya thamani? Itabidi aombe huruma, na huruma katika ofisi zetu ina bei yake.

Kodi inayofuata thamani ingejibu bila kubembelezwa. Nyumba ambayo hakuna mtu angeinunua wala kuipanga, thamani yake imeanguka, na kodi inaanguka nayo.

Sasa panda juu ya barabara. Tuchukue parseli mbili, za kubuni lakini ukitembea mjini utazikuta. Zote ni mita 15 kwa 20, yaani mita za mraba 300, zote hazina ghorofa. Ya kwanza iko kwenye barabara kubwa, ile namba 5 inayoshuka kutoka Bukavu kupitia uwanda wa Ruzizi, ikakata mji hadi Kalundu bandarini na kuendelea Baraka. Ina milango mitatu ya maduka, kila mmoja unapangishwa dola 60 kwa mwezi, na nyuma kuna depo ya saruji inayolipa dola 120. Jumla dola 300 kwa mwezi, 3,600 kwa mwaka. Ya pili iko juu kuelekea mlimani, matofali ya udongo, bati lenye viraka, maji hayapandi huko. Kama ingepangishwa ingelipa dola 25 kwa mwezi, 300 kwa mwaka. Kwa jicho la mita, parseli hizi ni mapacha. Kwa jicho la mtu yeyote mwenye akili, ya kwanza ni mara kumi na mbili ya pili.

Na mara hizo kumi na mbili zimetoka wapi? Mwenye depo amejenga, kweli, simnyimi haki yake. Lakini sehemu kubwa haikutoka kwenye matofali yake. Imetoka kwenye barabara ambayo hakuijenga, kwenye bandari ambayo hakuichimba, kwenye mpaka wa Kavimvira unaoleta wateja kutoka Bujumbura, na kwenye umati wa watu wanaopita mbele yake kila asubuhi. Hata watu wanaokimbia vita wakijazana mjini, pango linapanda na yeye amekaa. Amelala, mji unamfanyia kazi. Ndiyo maana kodi ya thamani ya mahali ni ya haki kuliko kodi nyingine nyingi tunazozijua: inarudisha kwa mji kipande kidogo cha kile ambacho mji wenyewe ulikizaa. Tena haiwezi kukimbia. Ng'ombe utamvusha Ruzizi usiku, dhahabu utaificha mfukoni, lakini kiwanja cha barabarani utakibeba uende nacho wapi?

Hapa huwa nasikia kicheko. Wanasema: mzee, thamani nani ataijua? Huko Ulaya kuna wakadiriaji na mauzo yameandikwa, sisi hata setifika za kadasta ni za wachache, wengine wana karatasi ya shefu tu. Kicheko hicho nakiheshimu kwa nusu yake.

Nusu ya kweli ni hii. Bei za mauzo zilizoandikwa huku haziaminiki, kwa sababu muuzaji na mnunuzi hukubaliana bei moja mdomoni na nyingine kwenye karatasi ili ada za ofisi ya ardhi zipungue. Ukijenga thamani juu ya karatasi hizo umejenga juu ya mchanga wa Mulongwe. Lakini kuna thamani nyingine ambayo Uvira haifichi: pango. Uliza kwenye avenyu yoyote chumba cha mbele kinalipa kiasi gani, watu watatu watakutajia kiasi kilekile, na wa nne atakuambia mpangaji wa zamani alitoa garanti ya miezi mingapi. Pango ni thamani inayosemwa hadharani kila mwezi. Uganda wameijenga kodi yao ya majengo juu yake tangu sheria ya 2005: wanakadiria pango ambalo jengo lingeleta kwa mwaka, wanatoa sehemu ya gharama, kisha wanatoza asilimia. Kampala hutoza 6 kwa mia.

Na pale ambapo hakuna pango la kulinganisha, kuna njia ya alama. Freetown, huko Sierra Leone, waliacha kupima majengo kwa ukubwa mtupu wakaanza kuyapa alama kwa vitu vinavyoonekana kutoka nje: ukuta wa nini, bati la aina gani, liko kwenye barabara gani, gari linafika au halifiki, ni duka au nyumba. Walihesabu alama, wakazigeuza kuwa thamani. Wenye majumba makubwa walipandishiwa, wenye vibanda wakapunguziwa. Hakuna aliyehitaji setifika ya kadasta ili ahesabiwe. Kwetu kuna alama moja isiyoweza kukosekana: je, ziwa au mto umewahi kuingia humu ndani?

Kwa hiyo msituambie haiwezekani. Hata mtoza kodi wangu alikuwa anakadiria kwa alama. Alikuwa na alama moja tu, geti.

Sasa nifike kwenye jambo linalowagawa watu, maana nikilisema barazani nusu ya baraza husimama. Je, nyumba ya kukaa na ardhi ya biashara zitozwe kiwango kimoja? Rudi kwenye parseli zetu mbili. Tukitoza zote asilimia 6 ya pango la mwaka bila kutoa kitu, ya barabarani italipa dola 216, ya mlimani 18. Ni haki kwa hesabu. Lakini dola 18 za mlimani zitatoka wapi? Mama anayekaa pale hapangishi. Nyumba yake inampa kivuli, haimpi franka. Pango lile la dola 25 ni la kukadiria tu, halijawahi kuingia mkononi mwake. Mwenye depo anapolipa 216 anazitoa kwenye 3,600 alizozishika. Yule mama anazitoa 18 zake kwenye ndagaa.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza, na ndiyo ya kweli kuliko zote: thamani inaonyesha utajiri, haionyeshi fedha taslimu, na nyumba ya kukaa ni utajiri usiotoa fedha taslimu. Kwa hiyo miji mingi hushusha kiwango cha nyumba, au huisamehe kabisa nyumba anayokaa mwenyewe. Uganda wanaisamehe. Hata ordonansi yetu ya 1969, pamoja na upofu wake, ina kifungu kinachomsamehe mjane na mtu aliyepita miaka 55 kwa nyumba anayokaa mwenyewe, kipato chake kikiwa chini ya kiwango kilichowekwa. Wangapi Uvira waliambiwa hivyo na mtoza kodi? Niandikieni. Nitasoma barua zote mbili.

Tukiweka asilimia 3 kwa nyumba za kukaa na 6 kwa biashara, mama wa mlimani anashuka hadi dola 9 na depo inabaki 216. Tofauti imekuwa mara ishirini na nne. Mara kumi na mbili imeletwa na thamani, na mara mbili imeletwa na matumizi. Nazitenganisha kwa makusudi, kwa sababu wanasiasa wetu hupenda kuzichanganya ili wapandishe moja huku wakionyesha nyingine.

Sababu ya pili ni malori. Lori la saruji la tani thelathini linaloingia depo linatafuna barabara na kuziba mtaro kwa namna ambayo baiskeli ya mwalimu haiwezi. Sababu hii ni nzuri lakini ina mipaka: mshona nguo mwenye cherehani moja kwenye veranda naye ni biashara, na hatafuni chochote. Sababu ya tatu haisemwi kwa sauti. Wenye nyumba ni wengi na wanapiga kura, wenye depo ni wachache. Kwa hiyo kuwatoza wenye biashara ni rahisi kisiasa, mpaka pale hao wachache wanapopiga simu usiku kwa mkubwa fulani na kiwango kinashuka asubuhi. Ukiona mji wenye tofauti kubwa kati ya nyumba na biashara, usidhani mara moja kwamba umeona haki. Huenda umeona hesabu ya kura tu.

Na kama unadhani kwamba dunia nzima inatoza biashara zaidi, vuka Bugarama. Rwanda wamefanya kinyume. Sheria yao ya 2018 ilikusudia kufikisha kodi ya majengo ya kukaa asilimia 1 ya thamani, ya biashara nusu asilimia, na viwanda asilimia 0.1. Mwaka 2023 wakashusha: makazi 0.5, biashara 0.3, viwanda palepale. Duka linalipa kiwango kidogo kuliko nyumba! Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani wamekosea kupiga chapa. Lakini soma zaidi: nyumba moja anayokaa mwenyewe na familia yake imesamehewa. Kwa hiyo «nyumba ya kukaa» inayotozwa kule ni ya pili na ya tatu, ile ya kupangisha, ile inayojengwa ili fedha zilale ndani ya ukuta. Serikali ile inawaambia matajiri wake: acheni kupanda majumba, jengeni viwanda. Unaweza kuipenda au kuichukia sera hiyo. Mimi nina mashaka nayo, maana kodi ya nyumba ya kupangisha, panapokuwa na uhaba wa vyumba, huishia kwenye pango la mpangaji. Lakini angalau kiwango chao kina hoja nyuma yake. Kinajua kinataka nini. Chetu kinajua nini?

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na sitauficha nyuma ya «kwa upande mmoja na kwa upande mwingine». Uvira itoze kwa thamani ya pango, nyumba kiwango cha chini, biashara kiwango cha juu, na tofauti kati yao isizidi mara mbili.

Kwa nini mara mbili, kwa nini si mara tano kama wanavyotaka vijana wenye damu moto? Kwa sababu ya dirisha. Nusu ya maduka ya Uvira ni madirisha: mama amekata ukuta wa sebule, ameweka ubao, anauza sabuni, sukari na unga wa muhogo, na watoto wanalala nyuma ya makatoni. Ile ni nyumba au biashara? Ukiweka tofauti ndogo, jibu halina uzito, unapima tu: sebule ya mita 12 inauza, mita 40 zinakaliwa, kila sehemu ilipe kiwango chake, mambo yameisha. Ukiweka tofauti ya mara tano, umempa kila mtu sababu ya kufunga dirisha siku mtoza kodi anapopita, na umempa mtoza kodi sababu ya kuuza neno «makazi» kwa dola kumi. Kila pengo la kiwango ni soko la rushwa, na ukubwa wa soko ni ukubwa wa pengo. Mwenye depo atafanya hivyohivyo kwa kipimo chake: ataweka kitanda kimoja ghalani na kuapa kwamba analala na saruji.

Na kiwango chenyewe kiwe kidogo. Hapa wakubwa wa mapato wataninunia, lakini ushahidi uko ndani ya nchi yetu. Kananga, mwaka 2018, serikali ya jimbo la Kasai ya Kati ilitoza kodi ya nyumba kwa mafungu mawili: nyumba za udongo franka 3,000 kwa mwaka, nyumba za matofali imara franka 13,200. Watafiti Bergeron, Tourek na Weigel wakakubaliana na serikali ile kwamba kaya nyingine, kwa bahati nasibu, zipunguziwe: nyingine asilimia 17, nyingine 33, nyingine nusu nzima. Fikiria, watu wa mji mmoja, nyumba za aina moja, tofauti ni karatasi waliyopewa. Waliopunguziwa walilipa kwa wingi sana kuliko wengine, kiasi kwamba fedha iliyoingia iliongezeka. Walipopiga hesabu wakakuta kiwango ambacho kingeiletea serikali fedha nyingi zaidi kilikuwa karibu theluthi moja chini ya kile kilichokuwapo. Serikali ilikuwa inajinyima fedha kwa kuwa na tamaa.

Lakini utafiti huohuo una upande wa pili ambao wapenda punguzo husahau kuusoma. Pale serikali ilipokuwa na watoza kodi wazuri, au barua yake ilipoonya kwamba asiyelipa atafuatiliwa, watu waliweza kubeba kiwango cha juu zaidi. Maana yake kiwango hakipandishwi kwa amri. Kinapandishwa baada ya mkono wa serikali kuwa na nguvu na kuwa msafi. Sisi tumeanza na amri.

Angalia kodi ya pango. Sheria inamdai mwenye nyumba asilimia 22 ya pango analopokea, na mpangaji anatakiwa kukata 20 mwenyewe na kuzipeleka serikalini. Ishirini na mbili! Kati ya dola 3,600 za parseli yetu ya barabarani ni dola 792. Matokeo yake mnayajua kwa sababu mmeyasaini: mkataba mmoja wa kuonyesha, mwingine wa kweli. Na ndiyo maana pendekezo langu lina mwiba ambao sitaki usiuone. Tukitoza kodi ya jengo juu ya pango lilelile ambalo tayari linadaiwa 22, mwenye jengo atalia kwamba anatozwa mara mbili, na atakuwa na haki ya kulia. Hizi mbili lazima zipangwe pamoja: kodi ya jengo ifuate pango la kukadiriwa, ambalo halifichiki kwa mkataba wa uongo kwa kuwa haliangalii mkataba bali avenyu nzima, na kodi ya pango ishuke mpaka mahali ambapo mtu wa kawaida anaona kulipa ni rahisi kuliko kudanganya. Anayetaka kuongeza ya kwanza bila kugusa ya pili anataka fedha za leo tu.

Kuna wanaoniambia tuchukue ya Watanzania, ng'ambo ya ziwa, ni rahisi. Tangu 2021 kodi ya jengo kule hukatwa ndani ya LUKU, ukinunua umeme umeshalipa. Tangu 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 7,500 kwa ghorofa. Rahisi, ndiyo. Lakini nyumba ndogo ya Kigoma na villa isiyo na ghorofa zinalipa sawa, na anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji, ambaye sheria inamwambia akadai kwa mwenye nyumba. Nendeni mkamuulize mpangaji yeyote alidai lini. Na sisi tutakata kwenye umeme upi?

Nani akadirie, basi? Kananga walijaribu hilo pia mwaka huohuo. Sehemu nyingine za mji zilitozwa na maofisa wa serikali, nyingine na mashefu wa mitaa, na mashefu waliingiza mapato zaidi kwa asilimia 44. Siri yao haikuwa fimbo. Walijua nani ana fedha wiki hii na nani hana, wakaanzia pale. Shefu wa avenyu kwetu anajua hivyohivyo. Anajua pia ndugu yake ni nani, na hapo ndipo ninapoweka kufuli: shefu atoe habari, asitoe bei. Alama zihesabiwe na mtu mwingine, na orodha nzima ya avenyu, parseli kwa parseli, alama kwa alama, thamani kwa thamani, kodi kwa kodi, ibandikwe kwenye ukuta wa ofisi ya kartye kwa mwezi mmoja kabla ya kulipa senti. Kila mtu aone ya kwake na ya jirani. Mwenye kulalamika alalamike kwa maandishi, na jibu libandikwe palepale.

Na ili mjue kama mmedanganywa, kuna kipimo kimoja ambacho hakihitaji shahada. Tafuteni parseli zilizouzwa mwaka huu ambazo bei yake ya kweli mnaijua, zile za mdomoni, si za karatasi. Chukueni thamani iliyoandikwa kwenye orodha, ikishageuzwa kutoka pango kuwa bei ya mali, muigawanye kwa bei hiyo ya kweli. Nyumba ya mlimani iliyouzwa dola 4,000 ikiwa imeandikwa 4,000, uwiano ni 1. Parseli ya barabarani iliyouzwa 60,000 ikiwa imeandikwa 30,000, uwiano ni nusu. Basi kiwango kimoja cha kodi kwenye karatasi kimekuwa viwango viwili mfukoni: maskini anatozwa mara mbili ya tajiri kwa kila dola ya mali, na hakuna aliyebadilisha sheria. Ugonjwa huu uko hata Marekani, kwenye miji yenye wakadiriaji na kompyuta. Nyumba za bei ya chini hukadiriwa juu, za bei ya juu hukadiriwa chini. Ukadiriaji ukiharibika huharibika upande huo karibu kila mara, kwa sababu tajiri hukata rufaa na maskini hulipa au hukimbia.

Juzi nilipita kwa jirani yangu mmoja, naye ana depo, na huyu si wa kubuni. Ameweka geti jipya, la chuma, lenye maua ya kuchomelea, zuri kweli. Kisha mbele yake ametundika turubai kuukuu lenye matundu, limefungwa kwa kamba za katani mpaka chini. Nikamuuliza kama anaogopa mvua. Akacheka, akavuta kamba vizuri.

«Januari inakaribia, mzee,» akasema.